Mifuko 150 Iliyobaki: Gharama ya Mauzo kwa FIFO na kwa Wastani

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kibaha, mama wa makamo anayejua bei ya kila msumari bila kuangalia popote, alifunga hesabu ya saruji ya Septemba akapata gharama ya mauzo shilingi 9,782,500. Mpwa wake, anayeingiza mauzo kwenye programu ya simu, akapata 9,711,111. Nilipoitwa nikakokotoa kwa njia niliyozoea, nikapata 9,640,000. Mifuko ile ile, risiti zile zile, majibu matatu.

"Shangazi, programu haiwezi kukosea," kijana alisema.

"Na daftari langu limekosea wapi, mwanangu?"

Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alijibu kwa njia yake swali moja ambalo risiti hazilijibu: mfuko uliotoka dukani leo ulinunuliwa kwa bei ipi? Hapa chini naipitia hesabu yenyewe hatua kwa hatua. Namba nimezisawazisha kidogo ili zifuatike kwa urahisi.

Hatua ya kwanza: pata gharama kamili ya kila mzigo

Kosa la kwanza hutokea kabla ya kufika kwenye FIFO au wastani. Watu huchukua bei iliyo kwenye risiti ya muuzaji wakaishia hapo. Gharama ya stoki ni yote uliyolipa mpaka mfuko ukalala ghalani kwako, tayari kuuzwa. Mzigo wa tarehe 5 Septemba ulikuwa mifuko 200 kwa shilingi 13,900, yaani 2,780,000. Lori lililipwa 80,000 na makuli walioshusha wakalipwa 20,000. Jumla ni 2,880,000. Gawa kwa 200, mfuko umesimama kwa 14,400 na si 13,900.

Nauli ya guta inayompelekea mteja saruji nyumbani haiingii hapa. Hiyo ni gharama ya kuuza, na ina mstari wake chini ya faida ghafi. Nimeona daftari ambamo zote mbili zimeandikwa "usafiri" kwenye safu moja, na mwisho wa mwezi hakuna anayeweza kuzitenganisha.

Angalia pia VAT. Duka hili halijasajiliwa, kwa hiyo VAT iliyomo kwenye bei ya kiwandani hairudishwi na ni sehemu ya gharama. Ambaye amesajiliwa anaitoa kwanza, kwa kuwa atairudisha kwenye ritani yake: kwa Tanzania Bara, 13,900 iliyojumuisha VAT ya asilimia 18 inagawanywa kwa 1.18, na gharama yake inakuwa kama 11,780 kabla ya lori na makuli.

Mizigo mingine miwili tuliipitisha njia hiyo hiyo. Tarehe mosi ilikuwapo tayari mifuko 100 iliyobaki kutoka Agosti. Hivi ndivyo mwezi ulivyokuwa:

| Tarehe | Mzigo | Mifuko | Gharama kwa mfuko | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| 1 Sept | Stoki ya mwanzo | 100 | 14,000 | 1,400,000 |
| 5 Sept | Manunuzi | 200 | 14,400 | 2,880,000 |
| 14 Sept | Manunuzi | 300 | 15,200 | 4,560,000 |
| 25 Sept | Manunuzi | 200 | 16,000 | 3,200,000 |
| | Jumla | 800 | | 12,040,000 |

Mauzo niliyakusanya katika mafungu matatu: mifuko 180 tarehe 8 kwa shilingi 16,000, mifuko 260 tarehe 18 kwa 16,500, na mifuko 210 tarehe 28 kwa 17,500. Jumla ni mifuko 650 iliyoingiza 10,845,000. Ghalani ikabaki mifuko 150.

Hiyo 12,040,000 iandike pembeni kwa herufi kubwa. Kazi yote inayofuata ni kuigawa mara mbili: sehemu moja iende na mifuko 650 iliyouzwa, nyingine ibaki na mifuko 150 iliyopo. Njia yoyote utakayotumia, sehemu hizo mbili zikijumlishwa lazima zirudi 12,040,000.

Hatua ya pili: FIFO, cha kwanza kuingia ndicho cha kwanza kutoka

Hapa unachukulia kwamba mifuko ya zamani ndiyo inayotoka mwanzo. Anza na mauzo ya tarehe 8. Mifuko 180 inahitajika. Mia moja ni ile ya Agosti kwa 14,000, na 80 inachukuliwa kwenye mzigo wa tarehe 5 kwa 14,400. Gharama yake ni 1,400,000 na 1,152,000, jumla 2,552,000. Kwenye mzigo wa tarehe 5 imebaki mifuko 120.

Tarehe 18 inahitajika mifuko 260. Maliza kwanza ile 120 ya 14,400, halafu chukua 140 kwenye mzigo wa tarehe 14 kwa 15,200. Inakuja 3,856,000. Tarehe 28 chukua 160 iliyobaki ya 15,200 na 50 ya mzigo mpya wa 16,000, unapata 3,232,000. Jumlisha mafungu matatu: 9,640,000.

Lakini kama unachotaka ni jumla ya mwezi tu, usijichoshe. Iendee hesabu kutoka nyuma. Mifuko 150 iliyobaki lazima iwe ile iliyoingia mwisho, na mzigo wa mwisho ulikuwa mifuko 200 kwa 16,000. Kwa hiyo stoki ya mwisho ni 150 mara 16,000, yaani 2,400,000. Toa hiyo kwenye 12,040,000, inabaki 9,640,000 ile ile. Kama ingebaki mifuko 230, ungechukua 200 ya 16,000 na 30 ya 15,200. Risiti mbili au tatu za mwisho zinatosha, na ndiyo maana kwa mwenye daftari la mkono FIFO ni rahisi kuliko inavyosemwa.

FIFO ina sifa nyingine moja: ukiipiga kila siku au ukiipiga mara moja mwisho wa mwezi, jibu halibadiliki. Ishike hiyo, kwa sababu wastani hauna tabia hiyo.

Hatua ya tatu: wastani wenye uzito

Mwenye duka alifanya hivi bila kujua jina lake. Aligawa gharama yote kwa mifuko yote: 12,040,000 kwa 800, akapata 15,050. Kila mfuko uliouzwa umegharimu 15,050, na kila uliobaki vilevile. Mifuko 650 ni 9,782,500, na mifuko 150 ni 2,257,500. Jumla inarudi 12,040,000.

Neno la kuangalia ni "wenye uzito". Mzigo wa mifuko 300 unavuta wastani kuelekea bei yake kuliko mzigo wa mifuko 100. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kujumlisha bei nne na kugawa kwa nne: 14,000, 14,400, 15,200 na 16,000, gawa kwa nne, 14,900. Inaonekana karibu, tofauti ni shilingi 150 tu kwa mfuko. Sasa ipitishe kwenye ile namba ya herufi kubwa: mifuko 800 mara 14,900 ni 11,920,000. Shilingi 120,000 uliyolipa kweli haipo popote kwenye vitabu. Hivyo ndivyo unavyolinasa kosa hili, hata kama hesabu kaifanya mtu mwingine nawe huna muda wa kuirudia yote.

Kwenye jedwali la kompyuta, weka idadi kwenye safu B na gharama kwa mfuko kwenye safu C, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 5, kisha:

```
=SUMPRODUCT(B2:B5,C2:C5)/SUM(B2:B5)
```

Ukiandika `=AVERAGE(C2:C5)` utapata ile 14,900 ya makosa.

Hatua ya nne: kwa nini programu ilitoa jibu la tatu

Tuliifungua simu ya kijana. Kwenye mipangilio ya stoki palikuwa na neno `Average`, kwa hiyo alikuwa na haki ya kudhani yeye na shangazi wanatumia njia moja. Tofauti ni wakati. Mama anasubiri mwezi uishe ndipo agawe. Programu haisubiri: kila mzigo unapoingia inapiga wastani upya, na kila uzo linachukua wastani wa siku hiyo. Huu ni wastani unaosogea.

Tuupige pamoja. Tarehe 5, baada ya mzigo kuingia, kulikuwa na mifuko 300 yenye gharama 4,280,000, sawa na 14,266.67 kwa mfuko. Mauzo ya tarehe 8 yalichukua mifuko 180 kwa gharama ya 2,568,000, ikabaki 120 yenye 1,712,000. Tarehe 14 ikaongezwa 300 yenye 4,560,000, wastani ukapanda hadi 14,933.33. Mauzo ya tarehe 18 yakaondoka na 3,882,667. Tarehe 25 ukaingia mzigo wa 16,000, wastani ukafika 15,525.93, na mifuko 210 ya tarehe 28 ikagharimu 3,260,444. Jumla ya tatu ni 9,711,111, na mifuko 150 iliyobaki ina 2,328,889.

Utaona kwamba mfuko uliouzwa tarehe 8 kwenye programu haukuguswa na bei ya tarehe 25, ambayo haikuwapo bado. Kwenye daftari la mama uliguswa, kwa kuwa 15,050 yake imechanganya mwezi mzima. Bei zinapopanda, wastani unaosogea huangukia katikati ya FIFO na wastani wa mwisho wa mwezi, kama ulivyofanya hapa.

Kwa hiyo kabla hujalinganisha daftari na programu yoyote, uliza kwanza wastani unapigwa lini. Na kama programu ndiyo itakayokuwa kitabu rasmi, manunuzi yaingizwe siku mzigo unapofika. Kijana alikuwa na mazoea ya kuingiza risiti za wiki nzima Jumapili. Mzigo wa tarehe 14 ukiingizwa tarehe 20, mauzo ya tarehe 18 yatakuta mifuko 120 tu kwenye mfumo huku yakidai 260. Stoki itakwenda hasi 140, na gharama ya uzo lile itakuwa ya kubahatisha. Ukiona stoki hasi kwenye ripoti, usiitazame gharama ya mauzo ya bidhaa hiyo mpaka umepanga tarehe.

Hatua ya tano: tofauti imekaa wapi

Faida ghafi kwa FIFO ni 10,845,000 kutoa 9,640,000, yaani 1,205,000. Kwa wastani wa mama ni 1,062,500. Tofauti ni 142,500, na mama alitaka kujua hela hiyo iko wapi, kwa sababu kwenye droo haikuwapo.

Iko ghalani. FIFO inasema kila mfuko kati ya ile 150 una thamani ya 16,000, wastani unasema 15,050. Tofauti ya 950 mara 150 ni 142,500 kamili. Ndiyo hiyo tu. Kama tarehe 30 ghala lingekuwa tupu, 12,040,000 yote ingekuwa gharama ya mauzo na njia zote tatu zingetoa jibu moja. Kwa hiyo ukubwa wa ubishi unategemea vitu viwili: stoki iliyobaki ni kiasi gani, na bei imetembea umbali gani ndani ya mwezi. Duka linalomaliza mzigo kila wiki halina sababu ya kugombana juu ya njia.

Na tofauti hii hurudi. Stoki ya mwisho ya Septemba ndiyo stoki ya mwanzo ya Oktoba. Tuseme Oktoba bei ikasimama kwenye 16,000 na duka likauza kila kitu. Anayetumia FIFO ataanza na mzigo wa 2,400,000, wa wastani na 2,257,500, na safari hii wa wastani ndiye atakayeonyesha faida kubwa zaidi, kwa shilingi 142,500 zile zile. Bei zikishuka badala ya kupanda, mambo hugeuka: FIFO inapeleka mizigo ya bei ghali kwenye gharama mapema, na faida yake inakuwa ndogo kuliko ya wastani.

Hapa ndipo pia wajanja huingia. Mtu anatumia FIFO mwaka wa kupeleka vitabu benki kuomba mkopo, mwaka unaofuata anahamia wastani ili faida ipungue kabla ya kodi. Kiwango cha kimataifa cha stoki, IAS 2, kinaruhusu njia zote mbili, lakini kinataka stoki za aina moja na matumizi yale yale zihesabiwe kwa njia moja, na kubadilisha njia kunahitaji sababu inayoelezwa kwenye hesabu zenyewe. Njia ya kinyume, ya kusema kilichoingia mwisho ndicho kilichotoka kwanza, hairuhusiwi kabisa na kiwango hicho. Kwa kampuni inayolipa asilimia 30 ya faida, 142,500 ni kodi ya 42,750 inayosogezwa kutoka kipindi kimoja kwenda kingine. Kwa mwenye duka mdogo anayekadiriwa kodi kwa mauzo, kodi haisogei hata kidogo, kwa kuwa gharama haimo kwenye ukadiriaji huo.

Hatua ya sita: hesabu mifuko kwa mikono

Vitabu vilisema 150. Tulipohesabu ghalani tukakuta 146. Minne haikuonekana, na hakuna aliyejua ilikwenda wapi, au hakuna aliyetaka kusema.

Ukikokotoa kwa njia ya mkato, yaani kutoa stoki iliyohesabiwa kwenye jumla, mifuko hiyo minne inazama kimya kimya ndani ya gharama ya mauzo. Kwa wastani, 146 mara 15,050 ni 2,197,300, na gharama inakuwa 9,842,700 badala ya 9,782,500. Faida imepungua 60,200 na inaonekana kama umeuza kwa bei mbaya. Afadhali gharama ya mifuko 650 iliyouzwa ibaki peke yake, na 60,200 iandikwe kwenye mstari wake wa upotevu wa stoki. Kwa FIFO, minne hiyo inatoka kwenye mzigo uliobaki wa 16,000, kwa hiyo upotevu ni 64,000.

Katika ile 146, sita ilikuwa imelala sakafuni bila mbao chini yake, ukutani panapovuja, na imeshika mawe. Fundi mmoja alikubali kuichukua kwa 8,000 mfuko, akaisage ajazie msingi wa kibanda. Hapo FIFO na wastani vyote vinanyamaza: mfuko utakaouzwa 8,000 hauwezi kukaa kwenye vitabu kwa 16,000 wala 15,050. Unashushwa hadi 8,000, ukitoa pia gharama ya kuuuza kama ipo. Hapa mama aliuliza kama FIFO ingeikoa. FIFO ya vitabu haisogezi mfuko hata mmoja. Vijana wanaweza kuuza mzigo mpya uliopo mlangoni mwezi mzima huku vitabu vikisema umetoka wa zamani. Kwa saruji, panga mzigo mpya nyuma na wa zamani mbele, hata kama kwenye daftari unatumia wastani.

Ipi uchague

Kwa saruji na mabati, yanayokuja kwa mizigo michache mikubwa yenye risiti zinazoeleweka, ningechukua FIFO. Stoki yako kwenye vitabu inakuwa karibu na bei ya sasa, na mtu yeyote anaweza kuikagua kwa kushika risiti za mwisho. Misumari inayomwagwa kwenye pipa moja, mizigo mitano ikichanganyika, nisingejaribu. Hiyo ni ya wastani, na ukitumia programu ni ya wastani unaosogea.

Mama alisikiliza yote akauliza alichokuwa anakitaka tangu mwanzo: "Sasa mhasibu, tarehe 28 nimepata faida ngapi?"

FIFO inasema aliuza kwa 3,675,000 mifuko iliyogharimu 3,232,000, faida 443,000. Lakini kununua tena mifuko 210 kwa bei ya tarehe 25 kunataka 3,360,000. Akiijaza nafasi ile ile ghalani, mkononi inabaki 315,000. Ile 128,000 ya katikati imetokana na bei kupanda mzigo ukiwa ndani, na itaondoka siku ya kuagiza. Akaandika 315,000 kwenye kava la daftari, akamwambia mpwa wake alipe lori la kesho kabla ya kumkopesha mtu yeyote.